Cherehani Moja, Njia Tano

Jirani yangu hapa Makorora, Tanga, ni mwalimu wa shule ya msingi. Cherehani yake ni Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, aliyoachiwa na mama yake mdogo, na kwa zaidi ya miaka kumi ameitumia kuwashonea watoto wake, mawifi zake, na yeyote aliyepita kibarazani na kitambaa mkononi. Malipo yalikuwa ya soda, au asante tu. Mwaka jana alipotaka kushona kumwingizie hela ya kueleweka, kila aliyemwomba ushauri alimpa jibu lile lile: "Mwalimu, fungua ofisi ya ufundi."

Mtaani kwetu anayejua kushona ni fundi, na fundi ni mtu wa kupima watu na kuwashonea nguo. Hatuzoei kuona kwamba ndani ya kushona mna biashara kadhaa, na kwamba haziendani kwa mtaji, kwa wateja wala kwa namna zinavyotia hasara. Mwalimu hakufungua ofisi. Alichukua daftari la kurasa 96, akalipiga mistari minne: kazi, dakika, gharama, kilichobaki. Kwa wiki nne, jioni baada ya shule na mwisho wa wiki, alijaribu njia tano na kuandika kila kitu, hata dakika za kupiga soga na mteja. Amenionyesha daftari hilo na kuniruhusu nitumie hesabu zake. Bei ni za mtaani kwetu, kwako zinaweza kuwa juu au chini, lakini namna ya kuhesabu ni ile ile.

Alianza na kile ambacho kila mtu alimtarajia afanye, gauni la kitenge la kupimwa. Mteja analeta kitambaa na picha ya mshono kwenye simu, anaacha pesa nusu, anarudi kujaribu, kisha anachukua. Ufundi kwa gauni moja ni shilingi 25,000. Ukitoa uzi, zipu, stifu ya kolani na malipo ya ovaloki kwa kijana wa kona, kama 4,000 hivi, inabaki 21,000. Kwa macho hiyo ndiyo kazi yenye pesa nyingi kuliko zote. Sasa tazama safu ya dakika: kupima na kukubaliana mshono 40, kukata 50, kushona 180, kujaribisha na kurekebisha 75, vifungo na pasi 15. Jumla dakika 360. Muda wa saa sita za kazi kwa 21,000 ni 3,500 kwa saa, na kabla ya daftari hakuwahi kuijua namba hiyo.

Zile 75 za kurekebisha ndizo zilizomuuma. Picha ya kwenye simu imepigwa kwa mwanamke mwingine, mwenye mabega mengine na kifua kingine, na mteja anatarajia gauni limkae hivyo hivyo. Nguo inaposhindwa kukaa, kitambaa chenyewe husema. Mikunjo ikitoka kwapani na kuelekea kifuani, kifua kimebanwa na mshono wa ubavuni unahitaji kuachiwa. Mkunjo ukilala kama kamba nyuma, chini ya shingo, mgongo umekatwa mrefu kuliko wa mwenyewe. Shingo ikirudi nyuma kila mteja anaposogea, mara nyingi mabega hayakupimwa sawa, au alipimwa akiwa amevaa sweta. Mwalimu anayajua hayo yote na anayarekebisha vizuri. Ila kila rekebisho linakula jioni nzima, na hakuna anayelilipia. Kwa magauni manne alitumia saa 24 kati ya 59 alizoshona mwezi ule, akabaki na 84,000.

Njia ya pili hakuiheshimu hata yeye. Ni kazi ya kupunguza na kutengeneza: kukata suruali ndefu na kuipiga pindo, kubadilisha zipu, kubana kiuno cha nguo ya mtumba. Alibandika karatasi mlangoni kwamba anapokea kazi hizo, na katika wiki nne akapata vipande 22, vingi vikiwa suruali. Malipo ya pindo 2,000, uzi wa shilingi mia. Pindo lenyewe, kuanzia kufumua hadi pasi, ni dakika kumi na tano. Lakini wateja hawaji kwa foleni. Mmoja anabisha hodi wakati wa kula, mwingine anataka asubiri hapo hapo, na kila mara inabidi abadilishe uzi. Kwa hiyo aliandika dakika 25 kwa kipande, na hapo ikatoka kama 4,500 kwa saa. Kazi ndogo isiyopigiwa makofi ikalipa kuliko gauni.

Sababu yake si ngumu. Anayeleta suruali anajua anachotaka, inchi mbili zitoke, basi. Hakuna picha wala jaribio la pili, na hakuna kitambaa cha 30,000 kinachoweza kuharibika mkononi mwako. Kinachotakiwa ni vifaa vichache vinavyofaa. Jinzi nzito ilimvunjia sindano mbili wiki ya kwanza kwa sababu alikuwa na namba 14, ile ya kitenge. Alipohamia namba 16 na kupunguza mwendo pale mshono mnene wa pembeni unapokutana na pindo, kuvunjika kukaisha. Hasara ya njia hii ni kwamba haikui. Ukitaka pesa mara mbili unahitaji suruali mara mbili, na mtaa una suruali zake.

Njia ya tatu ndiyo iliyompa usingizi wa raha, kisha ikamnyima. Ni madera. Dera ni nguo ya mraba tu ukilitazama vizuri: unakunja kitambaa, unakata shingo, unashona ubavu ukiacha nafasi ya mikono, unapiga pindo. Hakuna kupima mtu. Alinunua vitambaa kumi kwa 9,000 kila kimoja, uzi na ovaloki 1,000 kwa kila dera, na muuza duka mmoja akakubali kuyachukua kwa 14,000. Yanabaki 4,000 kwa dera. Akishona moja moja lilichukua dakika 45. Alipoyafanya kwa mkupuo, yaani kukata yote, kisha shingo zote, kisha mbavu zote, likashuka mpaka dakika 30. Madera kumi, muda wa saa tano, 40,000. Hiyo ni 8,000 kwa saa, na hakuna kazi nyingine daftarini iliyofika hapo.

Hata kukata kwa mkupuo kulimfundisha kitu. Kitambaa cha dera ni chepesi na kinateleza. Mara ya kwanza alirundika tabaka kumi na kuzikata kwa mkasi mmoja, na zile za chini zilisogea, shingo zikaenda upande kwa upana wa kidole. Sasa anakata tano tano, amezibana pembeni kwa vibanio vya kuanikia nguo, na anashona kwa sindano namba 11 ili kitambaa kisivutwe nyuzi.

Kilichomshtua hakikuwa kwenye cherehani. Muuza duka alichukua mzigo kwa mali kauli, kama wafanyavyo wengi: peleka, nikiuza nitakulipa. Baada ya wiki tatu alilipa madera manane na kurudisha mawili ya rangi ya udongo ambayo hakuna aliyeyataka. Tulikaa kibarazani tukapiga hesabu pamoja. Mauzo manane kwa 14,000 ni 112,000. Mtaji uliotoka mfukoni ni 100,000. Fedha taslimu iliyobaki ni 12,000 kwa saa tano, yaani 2,400 kwa saa. Madera mawili tu yaliyokaa kabatini yaliishusha kazi ya kwanza kwa malipo hadi ya mwisho.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo, maana hapa ndipo wengi tunaojua kushona tunapoumia bila kuelewa. Kwenye gauni na kwenye suruali, kitambaa ni cha mteja. Unauza mikono yako, na ukikosa mteja umekosa muda peke yake. Kwenye dera wewe ndiye mwenye kitambaa. Umeacha ufundi na kuingia uchuuzi, na mchuuzi anaishi kwa kujua rangi gani inatoka, duka gani linalipa, na mzigo ukae siku ngapi kabla hajapunguza bei. Mwalimu ana mkono mzuri wa mshono, lakini jicho la rangi zinazotembea Ngamiani hana bado, na muda wa kulizunguka soko hana kwa sababu saa mbili asubuhi anatakiwa darasani. Mtu mwingine mwenye ndugu dukani angefanya vizuri sana kwenye madera hata kama mshono wake ni wa kawaida.

Mapazia yalikuja kwa bahati. Mwalimu mwenzake alihamia nyumba mpya yenye madirisha matano na akamwomba amshonee. Mwalimu alisita, hakuwahi kushona pazia zaidi ya lile la chumbani kwake.

Kitambaa kizito cha mapazia huuzwa sana kikiwa na upana wa sentimita 280. Wasiojua hukikata kama kitenge, urefu kutoka juu kwenda chini, halafu wanaunganisha vipande ili kupata upana. Wenye kazi yao hukigeuza ubavu: zile sentimita 280 zinakuwa ndizo kimo, zinatosha kutoka kwenye fimbo hadi sakafuni na pindo juu yake, na mita unazonunua zinakuwa ndizo upana. Hakuna maungio. Ili pazia liwe na mawimbi linapofungwa, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya fimbo. Fimbo ya mita mbili inataka mita nne, zinazogawanywa vipande viwili, kushoto na kulia. Ukibana ukaweka mara moja na nusu litafunga dirisha, lakini litaonekana kama shuka lililotundikwa.

Kwa madirisha matano ya fimbo za mita mbili ilikuwa mita 20. Ufundi ni 3,000 kwa mita, jumla 60,000. Kitambaa na ringi alinunua mwenye nyumba. Kwenda kupima kulichukua dakika 90, kila dirisha dakika 80 za kushona, na kutundika dakika 60. Jumla ni 550, kama saa tisa na dakika kumi. Ukitoa 5,000 za uzi na nauli inabaki 55,000, yaani karibu 6,000 kwa saa. Wala hakuna aliyejaribishwa nguo. Dirisha halinenepi na halibadili mawazo.

Lakini lina mitego yake. Kipande kimoja alikiwekea ringi 11, na kilipopita kwenye fimbo, ukingo mmoja ukaelekea ukutani na mwingine ukajitokeza chumbani kama mlango uliofunguka. Ringi lazima ziwe shufwa, 10 au 12 au 14, ndipo kingo zote mbili zielekee ukutani. Kwa kipande cha mita mbili 12 zinatosha, zikipishana sentimita 16 au 17. Mtego wa pili ni kupima kabla fimbo haijafungwa. Dirisha la sebuleni alilipima kwa alama ya penseli ya fundi, na fundi akaja kufunga fimbo juu zaidi kwa sentimita sita. Pazia likaning'inia. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa ameacha pindo la chini la sentimita 10, akalifumua na kulishusha. Tangu hapo hapimi mpaka fimbo iko ukutani, na kimo anakipima sehemu tatu, kushoto, kati na kulia, kwa sababu sakafu zetu nyingi hazijanyooka. Pindo refu la chini halikati hata akiombwa, maana kitambaa cha pamba kikifuliwa mara ya kwanza hurudi.

Njia ya tano ilikuwa kufundisha. Wasichana watatu wa mtaani, waliomaliza kidato cha nne, walikuja Jumamosi nne, muda wa saa tatu kila siku, kila mmoja kwa 30,000. Ukitoa uzi, karatasi za kaki na sindano walizovunja, 10,000, inabaki 80,000 kwa saa 12, karibu 6,700 kwa saa. Watatu ndio mwisho kwa cherehani moja: mmoja anashona, mmoja anakata karatasi, mmoja anafumua. Wa nne angekuwa anatazama tu. Hapa kazi yake ya mchana ilimsaidia kuliko mkono wake wa mshono. Nimewaona mafundi hodari wakimwambia mwanafunzi "fanya hivi" na kumaliza hapo. Yeye alianza kwa kuwapa karatasi yenye mistari na cherehani isiyo na uzi, wafuate mstari kwa sindano tupu mpaka miguu ikubaliane na mikono.

Zaidi ya hizi tano iko moja ambayo hakuijaribu, nami naitaja kwa sababu iko kwetu pwani tangu zamani. Kofia za kushonwa kwa mkono za Zanzibar na Lamu, zile zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi mmoja mmoja, huchukua wiki na pengine miezi, na mara nyingi haipiti mkono mmoja. Kuna anayechora ua kwenye kitambaa, kuna anayeshona matundu akiwa nyumbani kati ya kazi zake, na kuna anayeunganisha duara la juu na ukanda wa kuzunguka. Kila mmoja anauza hatua yake. Yule kijana wa ovaloki wa kona yetu anafanya jambo hilo hilo: hapimi, hakati, habishani na mteja kuhusu picha, anapitisha kingo za nguo za mafundi wote wa mtaa. Mtu anayependa sana sehemu moja ya kushona, tuseme kudarizi shingo za kanzu au kutoboa matundu ya vifungo, anaweza kuiuza sehemu hiyo kwa mafundi wenzake bila kuonana na mvaaji hata siku moja.

Wiki nne zilipokwisha, Mwalimu alikuwa na 272,800. Kitu cha kwanza alichotaka ni kuhamishia saa zote kwenye kazi zilizolipa juu. Nikamuuliza mapazia ya nyumba ya pili yatatoka wapi. Nyumba inanunua mapazia mara moja na kukaa miaka. Wengine wanabadilisha kuelekea Idi au Krismasi, wengine wanapohamia. Namba nzuri ya saa moja haisemi chochote kuhusu saa inayofuata. Kwa suruali ni kinyume, namba ni ndogo lakini kesho itakuja nyingine.

Alikwenda mjini kwa muuza vitambaa vya mapazia, akabeba picha za yale madirisha matano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta rangi gani?"

Akamweleza kwamba hatafuti kitambaa, anatafuta watu waliokwisha kununua. Mama yule alikuwa na tatizo lake mwenyewe: wateja wanakuja wakiwa wamepima kwa hatua za miguu, wananunua mita pungufu, kisha wanarudi kulalamika na ile rangi imekwisha. Wakakubaliana kwamba mama awape wateja namba ya Mwalimu kabla hawajakata kitambaa, naye aende kupima na kurudisha idadi ya mita dukani. Mama anauza mita kamili na halaumiwi, na Mwalimu anapata nyumba bila kuzitafuta. Katika miezi miwili iliyofuata nyumba saba zilipitia njia hiyo.

Amepanga hivi sasa. Mapazia yanapata mwisho wa wiki. Suruali na zipu zinapokewa Jumanne na Alhamisi jioni tu, na karatasi ya mlangoni inasema hivyo, ili zije kwa pamoja na dakika 25 zishuke; zimeshuka hadi 18. Wanafunzi huwachukua wakati wa likizo za shule, mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Magauni anawashonea ndugu, na mgeni akimlilia sana anamtajia 40,000, ambayo ndiyo bei ambayo saa zake sita zinafanana na za pazia. Wachache wanakubali, na hao huwashonea kwa furaha. Yale madera mawili ya rangi ya udongo alimpa mama yake mmoja na la pili analivaa mwenyewe anapopika.

Wiki hii nimemkuta kafungua ukurasa mpya. Muuza vitambaa amemuuliza kama anaweza kumshonea mashuka ya futi sita kwa sita na foronya mbili, kitambaa kikiwa cha duka na malipo kwa seti. Ameshashona seti tatu za majaribio. Kwenye safu ya dakika kaandika 70, 62, 55, na safu ya bei bado ni tupu, kwa sababu anataka kuona seti ya nne itashuka hadi ngapi kabla hajamtajia mama yule neno lolote.